Nzuri, Ila Darasa la Asubuhi Limekufa

Kwetu mtu hakurupuki na habari mbaya. Ukimpigia simu ndugu yako Tabora ukamuuliza habari za huko, atasema nzuri. Watoto? Hawajambo. Kazi? Tunamshukuru Mungu. Mtazunguka hivyo mpaka kadi ya simu inakaribia kuisha, ndipo atakohoa kidogo na kusema, nzuri, ila baba mdogo tumemzika Jumatano. Hiyo "ila" imeniliza mara nyingi nikiwa nimesimama barazani kwa watu na simu mkononi. Na bado, hata mimi mwenye hasira za karibu, mtu akiniuliza habari siwezi kumjibu "mbaya". Ulimi unakataa.

Sikujua kwamba desturi hiyo inaweza kuingia mpaka kwenye ripoti ya mfadhili. Nililijua hilo Tottenham, London, kwenye meza ya jikoni ya mwenyekiti wetu, miaka ya mwanzo ya elfu mbili.

Mchana nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa kwenye hospitali moja. Muda uliobaki nilikuwa katibu wa kujitolea wa chama kidogo cha akina mama wanaozungumza Kiswahili. Wengi wao walikuwa Wakongo wa Bukavu na Uvira waliokuja kama wakimbizi. Sisi Watanzania tulikuwa wachache, Wakristo kwa Waislamu. Mwenyekiti alikuwa mama wa Bukavu, mwembamba mwenye sauti nene, aliyekuwa akisafisha maofisi katikati ya jiji alfajiri wakati wenye maofisi wamelala. Sote tulimwita yaya, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa. Hata waliomzidi umri walimwita hivyo.

Chama alikianzisha yeye, na alikianzisha kwa uchungu. Aliwahi kuumwa tumbo la uzazi, Kiingereza hana, ikabidi binti yake wa miaka kumi na mmoja akose shule ili amtafsirie kwa daktari wa mtaa. Daktari akauliza maswali anayopaswa kuuliza. Mtoto akayatafsiri huku anaangalia sakafu, na mama akajibu mambo ambayo mama hamwambii mtoto wake. Walirudi nyumbani kwa basi bila kusemezana.

"Ile siku nilisema, mutoto wangu hatarudia tena ile kazi," alituambia kwenye mkutano wa kwanza. "Wala mutoto wa mwingine."

Basi tukaandika ombi. Mfuko mmoja wa hisani ukatukubalia miaka mitatu, lakini fedha zilitolewa mwaka kwa mwaka, na za mwaka wa pili hazitoki mpaka wadhamini wa mfuko wasome ripoti ya mwaka wa kwanza. Tuliahidi mambo matatu. La kwanza, darasa la Kiingereza kwa akina mama ishirini, asubuhi mbili kila juma, na mlezi wa kukaa na watoto wadogo chumba cha pili. La pili, kuwasindikiza akina mama hospitali na kuwatafsiria, mara arobaini kwa mwaka. La tatu, mazungumzo manne ya afya. Fomu ya ripoti ilikuwa jedwali lenye safu nne: tulichopanga, tulichofanikisha, tofauti kati ya hivyo viwili, na maelezo ya tofauti hiyo.

Tulikubaliana yaya aandike rasimu kwa Kiswahili, kwa kuwa yeye ndiye anayeshinda na akina mama. Mimi kazi yangu ingekuwa kuigeuza Kiingereza na kuipiga kwenye kompyuta. Jumamosi moja, ripoti ikitakiwa Ijumaa inayofuata, nikaenda kwake. Nilikuta amepika ugali na sombe, yaani kisamvu cha kwao, na karatasi zimelazwa vizuri pembeni ya sahani yangu. Nikala huku nasoma.

Darasa la Kiingereza: limefanikiwa, tunashukuru. Tofauti: hakuna. Kusindikiza hospitali: imefanikiwa sana, Mungu awabariki. Tofauti: hakuna. Mazungumzo ya afya: yamefanikiwa. Tofauti: hakuna. Nikafungua ukurasa wa mwisho, pale penye nafasi ndogo ya mengineyo, nikakuta mistari mitatu. Ila darasa la asubuhi lilikufa mwezi wa kwanza mwaka huu kwa kukosa watu. Sasa tunasoma Jumapili kule kanisani. Asanteni sana kwa wema wenu.

Nikanawa mkono kabla sijashiba.

"Yaya, hii ni nini?"

"Ni ripoti."

"Hii si ripoti. Hii ni salamu."

Alinitazama kama nimemtukania mama yake. Mimi hasira zilikuwa zimeshanipanda. Nilijua kuna kitu kinachoendelea Jumapili, lakini nilidhani ni nyongeza, watu wenye moyo wanarudia masomo. Asubuhi mimi niko kazini, na kanisa langu liko upande mwingine wa jiji, kwa hiyo ningemwona nani? Nikamuuliza darasa limekufaje, wakati Desemba aliniambia linaendelea vizuri.

"Lilikuwa linaendelea muzuri," alisema. "Ila bamama walipata kazi."

Hapo ndipo habari yenyewe ikatoka, moja baada ya nyingine. Kuelekea Krismasi wengi walikuwa wamepata karatasi za kuruhusiwa kufanya kazi. Mawakala wa usafi na wa kutunza wazee wakawachukua mara moja, na zamu zote ni za asubuhi. Darasa likabaki na watu sita, kisha wanne, kisha mwalimu na mlezi wa watoto wakinywa chai. Yaya hakukubali life hivihivi. Akamwomba mchungaji wake chumba cha nyuma, akalihamishia darasa Jumapili baada ya ibada. Mwalimu akakubali, na watu wakajaa kupita ishirini, wengine wakaja na waume zao. Watoto walikuwa na masomo yao wenyewe hapohapo kanisani, kwa hiyo mlezi hakuhitajika tena na fedha zake zilikaa benki hazijaguswa. Mama wawili Waislamu walikuja mara moja, wakaona msalaba ukutani, wakaaga kwa adabu na hawakurudi.

Nilimsikiliza huku hasira inashuka na kichwa kinachangamka. Kumbe tulikuwa na ripoti nzuri kabisa! Tatizo ni kwamba ilikuwa imefukiwa chini ya asante.

"Yaya, haya ndiyo ya kuandika. Darasa halikufa kwa uvivu. Lilikufa kwa sababu akina mama wamepata kazi. Sisi tulipopanga tulidhani watakuwa nyumbani asubuhi mwaka mzima. Tulikosea kudhani. Hiyo ndiyo sababu ya tofauti."

"Mutu amekupa pesa ya darasa, wewe unamwambia darasa limekufa. Hiyo si asante ya punda?"

"Mficha uchi hazai, yaya."

"Nimezaa sita," alisema. "Usinifundishe."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikachukua kalamu na kuanza upya palepale. Kwenye darasa nikaandika: tulipanga akina mama ishirini kila asubuhi ya darasa. Tulifikia lengo mpaka Desemba, kisha tukashuka mpaka wanne, na tangu Februari tuna wastani unaozidi ishirini, lakini Jumapili na mahali pengine. Kwenye maelezo nikaandika kazi na zamu. Kwenye malezi ya watoto nikaandika kwamba fedha za tangu Februari hazikutumika na tunaomba ruhusa kabla ya kuzielekeza kwingine, maana fedha iliyotolewa kwa jambo moja huwezi kuihamisha kwenye jambo lingine kwa sababu tu umeona inafaa. Mazungumzo ya afya tulifanya matatu badala ya manne. Muuguzi aliyekuwa azungumze la nne alihama London, nasi tukachelewa kumtafuta mwingine. Niliandika hivyohivyo, tulichelewa.

Tulipofika kwenye kusindikiza hospitali yaya akanishika mkono. Tulipanga mara arobaini na tulikuwa tumekwenda zaidi ya sitini.

"Hapa tumezidisha," alisema. "Hapa pia unaandika tofauti? Kuzidisha nayo ni haya?"

"Si aibu, lakini inaelezwa. Watauliza nauli za ziada zimetoka wapi."

"Zimetoka mufukoni mwetu."

"Basi tuandike hivyo. Na watauliza kwa nini hatukujua kwamba shida ni kubwa kiasi hiki."

"Nani alijua? Kila mama akisindikizwa anamwambia jirani yake."

Nikaandika na hilo. Nilikuwa naandika kwa raha. Napenda jedwali, sioni aibu kusema. Watu husema ni kitu kikavu, lakini safu ile ya tatu ina ukali fulani ninaoupenda, inakulazimisha utoe ahadi yako kwapani uiweke karibu na kazi yako, uone imepungua wapi. Nilipomaliza nikamsomea yote, nikasukuma karatasi upande wake ili atie sahihi. Ripoti isiyo na sahihi ya mwenyekiti haipokelewi.

Yaya akairudisha upande wangu.

"Siandiki."

"Kuna uongo wowote humu?"

"Hakuna. Ila habari kama hii hawatumi karatasi. Nani anapeleka karatasi kwenye kilio? Unaenda wewe mwenyewe. Unakaa. Unaulizwa habari. Kisha njo unasema."

"Yaya, yule ni mfadhili, si shangazi yako."

"Ni mutu?"

"Ni mtu."

"Basi."

Nilivaa koti nikaondoka, na mlango niliufunga kwa nguvu kidogo. Kituoni basi likanipita mbele ya macho, nikabaki nimesimama kwenye baridi nikiwa nasema peke yangu. Niliogopa, nasema kweli. Wadhamini wa mfuko walikuwa na maombi mengi kuliko fedha, na chama kinacholeta ripoti kasoro, au kisicholeta kabisa, ni rahisi kukikata. Akina mama wangerudi kutafsiriwa na watoto wao. Lakini basi la pili lilipofika nilikuwa nimeanza kumwelewa yaya, jambo lililoniudhi zaidi. Hakuwa anakataa ukweli usemwe. Alichokataa ni usemwe na mtu asiyekuwepo.

Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, nikampigia simu afisa wa mfuko anayeshughulikia ruzuku yetu. Nikamwambia mwenyekiti wetu angependa kuileta ripoti kwa mkono na kuielezea. Akasema watu huwa hawafanyi hivyo, lakini Alhamisi saa nane mchana ana nafasi.

Ofisi yao ilikuwa kwenye mtaa wa nyuma ya Edgware Road. Tulifika mapema, tukaingia kwenye mkahawa wa Waarabu kunywa chai ya nanaa. Yaya alivaa kitenge chake cha sherehe, na juu yake koti zito la kazini. Hakunywa chai. Alikuwa akitafuna maneno fulani kimyakimya, nikadhani anasali.

Afisa alikuwa mama wa Kiingereza wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Alitukaribisha kwenye meza ndogo, akaiweka ripoti mbele yake bila kuifungua, akamtazama yaya. Akauliza mradi unaendeleaje. Nikatafsiri.

"Muzuri sana," alisema yaya, akanyamaza.

Afisa akanigeukia. Nami nikanyamaza. Namjua mtu wangu. Nikahesabu pumzi zangu na kumwomba Mungu ile "ila" isichelewe.

"Ila darasa la asubuhi limekufa," alisema yaya, "na nimekuja kukuambia mimi mwenyewe."

Nikatafsiri yote pamoja, na baada ya hapo maneno yalitoka bila kusukumwa. Alieleza kazi, zamu, chumba cha kanisa, waume waliofuata wake zao, fedha za mlezi zilizolala benki. Hakuomba radhi mara kumi kama nilivyohofia. Alimsimulia kama mtu anayesimulia msiba uliokwisha kuzikwa, sauti imetulia. Afisa alivaa miwani, akafungua ripoti, akawa anafuata kwa kalamu safu moja baada ya nyingine, na kila yaya aliposema jambo, jambo hilo lilikuwa pale kwenye karatasi, limeandikwa vilevile. Moyoni nilijipongeza. Nilistahili.

Kisha afisa akavua miwani.

"Kwa nini hamkunipigia simu Januari?" aliuliza. "Mabadiliko kama haya ningeyakubali kwa barua moja. Ripoti ni ya kueleza yaliyotokea. Ruhusa inaombwa kabla."

Hilo lilikuwa kosa letu sote na nilikubali bila kujitetea. Akaendelea. Fedha za mfuko haziruhusiwi kwenye shughuli za dini. Alituamini kwamba ni darasa tu, lakini wadhamini wataona neno kanisa na watauliza. Watauliza pia ni akina mama gani hawawezi kuingia humo. Hakutaka kutudanganya, alisema. Inawezekana wakaahirisha mwaka wa pili, na inawezekana wakasema hapana.

Nilipotafsiri hilo la mwisho nilimwona yaya akilipokea usoni.

Afisa akageukia kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza, akaniuliza: wakisema hapana, mtafanya nini?

Nilikuwa na jibu tayari, jibu zuri lenye maneno kama uendelevu na vyanzo mbadala. Nikafungua mdomo. Yaya akaniwekea kiganja juu ya goti, akabonyeza. Akajivuta mbele ya kiti na kuanza kusema Kiingereza.

Kilikuwa Kiingereza cha mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, jiwe moja, anatulia, jiwe lingine. Vitenzi vyake havikuwa na jana wala kesho. Lakini alisema hivi: Jumapili, saa nane, mlango wazi. Ninyi hamtoi pesa, mlango wazi. Ninyi mnatoa pesa, mlango mkubwa. Pesa ya mlezi inalipa chumba cha maktaba, hakuna msalaba, dada zangu Waislamu wanakuja. Akatulia, akatafuta jiwe la mwisho. Zamani, alisema, binti yangu anasema kwa ajili yangu. Leo nasema mimi.

Akaegemea kiti. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Mimi sikutafsiri kitu. Hakukuwa na cha kutafsiri. Nilikuwa nimeandika kurasa nne na kila mstari ulikuwa kweli, na naapa ripoti ile ilikuwa nzuri, hata leo ningeitetea. Lakini mwaka mzima sikuwahi kumsikia yaya akisema Kiingereza zaidi ya asante na samahani. Machozi yakanijia, nikakasirika kwa kulia ofisini kwa watu, nikainama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Afisa akamjibu yaya mwenyewe, pole pole, maneno mepesi, akimtazama yeye. Alimwambia aache ripoti ilivyo, ila tuongeze ukurasa mmoja wa mpango wa mwaka wa pili: siku mpya, mahali papya, na fedha za mlezi ziombewe kuhamia kwenye kodi ya chumba. Aufikishe kesho, siku ileile ya mwisho. Yaya akaitikia kwa kichwa. Halafu akavuta ripoti, akaomba kalamu yangu, akatia sahihi.

Ukurasa ule tuliuandika usiku uleule, na mara hii hatukugombana sana.

Barua ya wadhamini ilichukua wiki kadhaa. Ilifikia nyumbani kwa yaya, ambako ndiko kulikuwa na anwani ya chama, naye akanipigia simu kazini akaniambia nije nikitoka. Nikauliza, inasemaje? Akasema hajaifungua. Nilipanda treni, nikapanda basi, nikapanda ngazi nikihema. Nikamkuta jikoni, bahasha iko mezani, watoto kawatoa nje.

Akaifungua kwa kisu, akaitandaza. Nami kwa mazoea ya mwaka mzima nikanyoosha mkono kuichukua. Akaisogeza mbali.

"Ngoja," alisema.

Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza, barua naiona kichwa chini, siwezi kuisoma vizuri. Niliona kidole kikitembea, kikisimama, kikirudi nyuma neno moja, kikiendelea. Mdomo wake ulikuwa unacheza bila sauti. Kusubiri ni kazi nisiyoiweza kabisa. Nilikunja leso yangu, nikaikunjua, nikaikunja tena, nikautazama uso wake nione kama unasema kitu. Haukusema. Kidole kikafika aya ya pili, kikasimama muda mrefu juu ya neno moja.

"Yaya, nikusaidie?"

"Hapana."

Akalisoma lile neno kwa sauti, silabi moja moja, kwa Kiingereza. Wamekubali. Akalirudia kwa haraka kidogo. Kisha akainamisha kichwa akaendelea na aya inayofuata, maana barua ilikuwa bado ndefu.